Viputo Kwanza, Kuta Baadaye: Namna ya Kuipata Ramani ya Kwanza ya Nyumba

Watu wengi wanaojenga huanza na ramani ya mtu mwingine. Jirani kajenga nyumba ya vyumba vinne, imependeza, basi ramani inaombwa, inatolewa kopi na kukabidhiwa fundi. Msingi ukishachimbwa ndipo mambo yanaanza kuonekana: kiwanja cha jirani kinatazama barabara upande wa kusini na hiki kinaitazama kaskazini, kwa hiyo jiko limeangukia upande upepo unakotokea. Mlango wa choo unatazamana na kochi la wageni. Mama mzazi, ambaye jirani hakuwa naye, amepewa chumba cha mwisho kabisa wa korido.

Wabunifu majengo wana njia ya zamani na ya gharama ndogo ya kuyaona mambo hayo kabla ya tofali la kwanza. Wanachora viduara, yaani viputo, kila kiputo kikisimama badala ya chumba, halafu wanaviunganisha kwa mistari inayoonyesha ni chumba gani kinamhitaji mwenzake. Kisha wanatandika karatasi ya tresingi juu ya mchoro huo na kuuboresha tabaka kwa tabaka, mpaka viputo vinageuka vyumba vyenye kuta. Mwenye nyumba anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe mezani kwake, na akienda kwa mbunifu atakuwa anajua anachokitaka na sababu yake.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Upate penseli laini, kalamu za rangi tatu, rula, utepe wa karatasi wa kubandikia, na karatasi za tresingi kutoka duka la vifaa vya shule na ofisi. Ukizikosa, karatasi nyembamba ya kuokea keki nayo inapitisha mwanga vya kutosha.

Orodha kabla ya mchoro

Tuchukue familia ya mfano. Baba, mama, binti, mvulana na bibi mzaa baba wana kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, upana mita 20 na kina mita 25. Barabara iko kaskazini. Wanataka nyumba ya chini, isiyo ya ghorofa, yenye mambo 12: baraza ya mbele, sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo, baraza ya kupikia kwa mkaa, chumba cha masta na choo chake, chumba cha bibi, vyumba viwili vya watoto, na bafu la pamoja lenye choo, ambalo wageni nao watalitumia.

Kila jambo linapewa ukubwa wa kukadiria. Njia nyepesi ni kupima vyumba unavyoishi sasa, kisha kujiuliza kipi kinabana na kipi kina nafasi isiyotumika. Familia yetu imekadiria sebule mita za mraba 20, sehemu ya kulia 12, jiko 11, stoo 3, masta 15 na choo chake 4, chumba cha bibi 12, kila chumba cha mtoto 11, na bafu 5. Vya ndani vinafika 104. Baraza mbili zina 9 na 8.

Baada ya hapo kinachorwa kijedwali, majina ya vyumba yakiandikwa juu na pembeni, na kila jozi inaulizwa swali moja: hawa wawili wanataka kukaa vipi? Majibu ni matatu tu, yaani lazima wagusane, afadhali wawe karibu, au wakae mbali. Jozi nyingine hazijali, na hizo zinaachwa wazi. Mambo 12 yanatoa jozi 66, lakini nyingi ni za kutojali, kwa hiyo kazi inaisha kabla chai haijapoa.

Kijedwali hiki kinawafaa zaidi wale ambao huwa hawaulizwi. Bibi anasema, "Mimi usiku naamka mara mbili kwenda chooni, wanangu, msinipeleke mwisho wa nyumba." Kauli hiyo inaingia kwenye jedwali kama lazima kati ya chumba chake na bafu. Mama anataka jiko ligusane na sehemu ya kulia na baraza ya mkaa. Baba anataka chumba chake kiwe mbali na kelele za sebule. Wote wanakubaliana kwamba bafu likae mbali na meza ya chakula.

Kwa nini viduara

Sasa orodha inageuzwa picha. Kila jambo linakuwa kiputo chenye jina ndani. Wanaotakiwa kugusana wanaunganishwa kwa mistari miwili minene, wa afadhali kwa mstari mmoja mwembamba, na wa kukaa mbali kwa mstari wa mipindo kama msumeno.

Anayeanza hutamani kuchora miraba moja kwa moja, maana vyumba vina pembe. Shida ni kwamba ukichora mraba tu, umeshaamua mambo matatu ambayo bado hujayafikiria: urefu, upana na ukuta upo wapi. Mazungumzo ya familia yanahamia kwenye kabati na kitanda kabla haijajulikana kama chumba chenyewe kiko upande sahihi wa nyumba. Kiputo hakina pembe, kwa hiyo kinachobaki kuzungumziwa ni nani yuko karibu na nani.

Mchoro wa kwanza haufuati kipimo chochote wala haujali kiwanja. Lengo lake ni kuvisogeza viputo mpaka mistari minene iwe mifupi na isikatane. Hapo tresingi inaanza kufanya kazi. Viputo vya kwanza huwa vurugu, na mistari inapishana kila mahali. Badala ya kufuta, unatandika karatasi mpya juu, unanakili viputo vilivyokaa vizuri tu, na vilivyobaki unavitafutia nafasi nyingine. Kila kinachonakiliwa kimepita mtihani kwa mara ya pili, na kisichonakiliwa hakijapotea, kipo kwenye karatasi ya chini. Ziandike namba karatasi zako zote, maana mara nyingi wazo la karatasi ya pili linarudi kuwa na maana ukifika ya tano.

Wakati mwingine mistari hukataa kabisa kuacha kukatana, na tatizo si mkono wako. Weka vidoti vinne kwenye karatasi na unganisha kila kimoja na vingine vyote: inawezekana, kimoja kikikaa katikati ya vingine vitatu. Ongeza cha tano, nacho ukiunganishe na vyote bila mistari kupishana. Haitawezekana, na wanahisabati wamekwisha kuthibitisha hivyo. Kwa lugha ya ujenzi, kwenye nyumba ya chini huwezi kuwa na vyumba vitano ambavyo kila kimoja kinapakana na vingine vyote vinne. Ukijikuta umefika hapo, ama upunguze madai, ama uongeze nafasi ya katikati ambayo vyumba vyote vinaifikia.

Familia yetu ilifika karibu na hapo. Bafu lilitakiwa na bibi, na watoto wote wawili na wageni wa sebuleni, na wakati huohuo likatakiwa kuwa mbali na sehemu ya kulia, ambayo imegandana na sebule. Mistari ilizidi kusongamana kuzunguka kiputo kimoja. Dawa ilikuwa kuchora kiputo cha 13 ambacho hakikuwa kwenye orodha, nacho ni korido. Vyumba vyote vya kulala na bafu vikaunganishwa nayo, na korido ikaunganishwa na sebule kwa mstari mmoja. Mchoro ukatulia. Hapa korido imeingia kwa sababu mahusiano ya vyumba yameidai, na ndiyo maana urefu wake utaweza kuhojiwa baadaye.

Kusoma nyumba za zamani kwa viputo

Mchoro wa namna hii unaweza pia kuonyesha tabia ya nyumba nzima kwa kuutupia jicho tu. Chukua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, ile yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua wa nyuma wenye jiko na choo. Ukiichora kwa viputo unapata kiputo kimoja katikati na vingine vimekizunguka, kila kimoja kikiwa na mstari wake. Vyumba vyote viko sawa, hakuna kinachopitia kwa mwenzake, ndiyo maana nyumba hiyo inapangishwa chumba kimoja kimoja bila shida.

Chukua sasa nyumba ya mawe ya Lamu. Unaanza na daka mlangoni, unaingia tekani, unatokea kiwanda ambacho ni ua wa ndani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Viputo vyake vinajipanga msururu. Kila hatua inamchuja mgeni, na asiye wa nyumbani hafiki mwisho.

Familia yetu ina mchanganyiko wa hizo mbili: msururu mfupi kutoka baraza ya mbele hadi sebule na sehemu ya kulia, kisha korido yenye vyumba vilivyoizunguka. Kabla hujaendelea, angalia mchoro wako una umbo gani, na ujiulize kama ndilo linalofanana na maisha yenu.

Kiwanja kinaingia chini ya karatasi

Hatua inayofuata inahitaji kipimo. Chora kiwanja kwenye karatasi ya kawaida ya A4 kwa kipimo cha 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi iwe mita moja ya ardhi. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kinaenea barabara, kwa kuwa A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Weka alama ya kaskazini, barabara, mteremko wa maji ya mvua, miti ya kubakishwa na madirisha ya jirani. Ulizia halmashauri nafasi mnayotakiwa kuacha kando ya mipaka, uichore kwa mstari wa nukta.

Ongeza pia mambo mawili ya angani. Pwani ya Tanzania hupata kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Pepo zote mbili zina asili ya mashariki. Jua nalo, kwa Dar es Salaam, mchana wa Juni linapita upande wa kaskazini na mchana wa Desemba upande wa kusini, lakini nyakati zote mbili liko juu sana, kwa hiyo paa lililochomoza kidogo linatosha kuukinga ukuta. Jua linalotesa ni la saa kumi jioni, linapoingia chini chini kutoka magharibi. Tayari kiwanja kimeshatoa ushauri: vyumba vya kulala vielekee mashariki, na upande wa magharibi ubebe jiko, stoo na moshi.

Karatasi hii ya kiwanja inabandikwa mezani kwa utepe na haiguswi tena. Kila tresingi inatandikwa juu yake.

Viputo sasa vinachorwa kwa ukubwa wao. Duara la kipenyo cha sentimita 3.9 lina eneo la mita 12 za mraba kwa kipimo hiki. Sebule ya mita 20 inataka kipenyo cha sentimita 5, na stoo ya mita 3 inataka sentimita 2. Watu wengi huipuuza hatua hii, wakaacha viputo vyote vilingane, na huko ndiko ramani nyingi za kujichorea zinakoharibikia: kwenye viputo, stoo na sebule zinakaa sawa sawa, kwenye kuta sebule inafurika na kusukuma kila kitu nje ya mpaka.

Familia iliweka sebule na baraza upande wa barabara, jiko kusini-magharibi, vyumba vya kulala mashariki. Masta ilipata kona ya kaskazini-mashariki, penye hewa kuliko kona zote, na choo chake kikabandikwa hapohapo.

Kutoka duara hadi mraba

Tresingi mpya inatandikwa juu ya viputo vyenye kipimo, na kila kiputo kinageuzwa mstatili wa eneo lilelile. Chumba cha mita 12 kinaweza kuwa 3 kwa 4, au 3.3 kwa 3.6. Kisiwe 2 kwa 6, kwa sababu kinachobaki baada ya kitanda ni njia tu. Viputo viwili vilivyokuwa vinagusana sasa vinashiriki ukuta mmoja. Nafasi zilizokuwa kati ya viputo lazima zimezwe na vyumba au ziwe korido. Ukiona mistatili yako inaelea na vichochoro vimebaki kila upande, bado unachora viputo vyenye pembe.

Katika hatua hii kuta zinaanza kudai eneo lao. Ukuta wa tofali za inchi sita una unene wa sentimita 15 kabla ya plasta, na kwa kipimo chetu huo ni mstari wa milimita moja na nusu. Chora kila ukuta kwa mistari miwili, usitumie mmoja. Kisha nyoosha kuta ziwe safu: ukuta wa nyuma wa sebule uendelee kuwa ukuta wa vyumba vya kulala, usipande na kushuka sentimita 40 hapa na 60 pale. Kila kona ya ziada ni msingi wa ziada, na kwenye paa ni pembe nyingine ambayo maji yatatafuta pa kupenya.

Nyumba ya familia ikatulia kuwa mita 14 kwa 10, ubavu mrefu ukitazama kaskazini na kusini. Ina safu ya mbele yenye kina cha mita 4.5, korido ya mita 1.2, na safu ya nyuma ya mita 3.7. Ukijumlisha na kuta nne za sentimita 15, unapata 10 kamili. Eneo lote ni mita za mraba 140, na kuta zimekula takriban 16, korido kama 13. Anayejumlisha vyumba peke yake na kuupeleka mzigo huo kwa fundi apige hesabu ya matofali, atashangaa baadaye. Kwa nyumba kama hii, vyumba vikijumlishwa huongezwa robo hivi kwa ajili ya kuta na njia.

Tabaka la mabomba na tabaka la moshi

Faida kubwa ya tresingi inaonekana pale unapotandika karatasi isiyohusu vyumba. Baba alitandika moja akachora mabomba ya maji taka peke yake, kwa kalamu nyekundu. Karo lilikuwa limepangwa nyuma, pembe ya kusini-magharibi. Bomba la bafu na jiko lilikuwa fupi. La choo cha masta lilianzia kona ya kaskazini-mashariki, likazunguka nyumba kwa karibu mita 24.

Bomba la inchi nne linahitaji mteremko, na kipimo cha kawaida ni sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Mita 24 zinadai kushuka sentimita 60, pamoja na chemba kwenye kila kona ya kukagulia. Karo lote lingebidi lizame zaidi ardhini kwa ajili ya choo kimoja. Kwenye karatasi ya vyumba jambo hilo halikuonekana kabisa. Kwenye karatasi ya mabomba lilikuwa mstari mrefu mwekundu uliozunguka nyumba.

Tresingi iliyofuata ikahamishia masta safu ya nyuma. Safu hiyo sasa inaanzia magharibi na jiko la upana wa mita 3, bafu la pamoja mita 1.5, choo cha masta mita 1.5, masta mita 4, na chumba cha mtoto mita 3.1. Vyenye maji vyote vimekaa pamoja, na kila kimoja kina ukuta wake wa nje wa kuwekea dirisha. Choo cha masta hakikuhitaji kina chote cha mita 3.7, kwa hiyo kipande kilichobaki upande wa korido kikawa kabati la nguo. Bomba la mbali zaidi likafupika hadi mita 7, mteremko usiofika sentimita 20. Safu ya mbele ina sehemu ya kulia na sebule zenye jumla ya mita 7.2, kisha chumba cha bibi na cha mtoto wa pili, kila kimoja mita 3.1.

Lilikuwepo la kupoteza. Masta imeiacha kona yenye hewa, na watoto wametupwa mbali na bafu kwa mita sita au saba. Familia ilirudi kwenye kijedwali na kukuta watoto walikuwa wameandikiwa afadhali, na bibi lazima. Chumba cha bibi kiko kama mita 3 kutoka mlango wa bafu. Hapo jedwali limewaondolea ugomvi.

Karatasi nyingine ilichorwa mishale ya kusi na kaskazi. Baraza ya mkaa ilikuwa kusini mwa jiko, na mishale ya kusi ikapita juu yake moja kwa moja kuingia jikoni na mezani. Mama akaihamishia magharibi mwa jiko, upana mita 2, na stoo ikawekwa mwisho wake, ikaukinga ukuta wa sehemu ya kulia dhidi ya jua la jioni. Lakini nyumba ilikuwa imeachiwa mita 3 kila upande, kwa hiyo baraza ingebakiza mita moja tu kufika mpakani. Hakuna kilichochorwa upya: karatasi nzima ilisukumwa sentimita moja kuelekea mashariki juu ya kiwanja. Upande wa magharibi ukawa na mita 4 na wa mashariki mita 2.

Kwa njia hiyohiyo, tresingi ikigeuzwa kifudifudi inatoa nyumba ileile kwa mpangilio wa kushoto kuwa kulia. Ijaribu kabla hujaridhika. Wakati mwingine nusu ya matatizo ya kiwanja yanaisha kwa kugeuza karatasi, na ndicho ambacho familia iliyonakili ramani ya jirani ingekigundua mapema.

Kuitembelea nyumba kwa penseli

Ramani ikishakuwa na kuta, inafunguliwa milango, na kila safari ya kila siku inachorwa kwa rangi yake kwenye tresingi ya mwisho. Mgeni anatoka getini hadi sebuleni, kisha bafuni. Kapu la sokoni linapita wapi kufika stoo? Mtoto anatoka kitandani usiku kwenda bafuni. Ndoo ya taka inatokea mlango gani? Mama anatoka chumbani alfajiri kwenda jikoni bila kuwaamsha waliolala sebuleni.

Mistari ikipishana si kosa. Ikipishana mahali pabaya ndipo pana kosa. Kapu la sokoni likipita katikati ya makochi, jiko linahitaji mlango wa nje, na hapa linao kwenye baraza ya magharibi. Mgeni akilazimika kupita mbele ya milango yote ya vyumba vya kulala kufika bafuni, bafu liko mwisho mbaya wa korido. Kwenye nyumba yetu bafu lipo mwanzoni, na mlango wake unafungukia korido, kwa hiyo aliye mezani hauoni ukiwa wazi.

Korido yenyewe ilionekana ndefu na ya giza, ikikimbia nyumba nzima. Familia iliivunja sehemu ya magharibi, mita tatu za mwanzo zikamezwa na sehemu ya kulia, na mwisho wa mashariki ukatobolewa dirisha. Sasa korido ina mwanga, na upepo unaoingia hapo unafika mezani milango ya vyumba ikiwa imefungwa.

Jaribio la mwisho ni la vitanda. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo kilekile. Kitanda cha tano kwa sita kinakuwa sentimita 1.5 kwa 1.8, na kabati lenye kina cha sentimita 60 linakuwa milimita 6. Kwenye chumba cha bibi chenye upana wa mita 3.1, kitanda na kabati vikikaa kuta mkabala vinaacha karibu mita moja ya kupita, inatosha hata kwa anayetembea na mkongojo. Zungusha na mlango: kama unagonga kitanda ukifunguka, badilisha upande wa bawaba, au usogeze mlango, ungali mstari wa penseli.

Mahali kazi ya mwenye nyumba inapoishia

Ramani hii ya kwanza haijengewi. Haijui udongo wa kiwanja unabeba uzito kiasi gani, haina linta, haina kenchi, na halmashauri haitaitolea kibali cha ujenzi. Michoro ya kibali ni kazi ya mbunifu majengo, na Tanzania wabunifu hao wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Viputo navyo vina upofu wake. Vinaona ukaribu na ukubwa tu, havioni urefu wa dari, mwinuko wa ardhi wala sura ya nyumba kutoka barabarani. Kiwanja chenye mteremko mkali kinaweza kuuvunja mpangilio ulioonekana safi mezani, kwa sababu vyumba viwili vinavyogusana kwenye karatasi vinaweza kutofautiana kwa ngazi nne.

Ukienda kwa mbunifu, usipeleke karatasi ya mwisho peke yake. Peleka na kijedwali, kiwanja chenye mishale ya upepo na tresingi zote kwa namba zake. Karatasi ya mwisho inamwambia mnataka masta iwe nyuma. Ile ya mabomba inamwambia kwa nini, na kwa kuijua sababu hiyo anaweza kuwatafutia jibu jingine: pengine karo la pili, au karo hilohilo kuhamishiwa mashariki, na masta ikarudi kwenye kona yake ya kaskazi.